Udalali wa vyumba na vitu vidogo Tanga mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayefanya udalali mdogo: anayetafutia watu chumba cha kupanga Ngamiani, Makorora, Mikanjuni, Nguvumali au Kange, na mara mojamoja anauzia jirani friji au baiskeli. Viwanja na mashamba vina mambo yake, havimo humu. Bei zilizotajwa ni za mfano tu, ili hesabu ieleweke.

Udalali wa chumba ni kiasi gani, na nani anautoa?

Mazoea ni kodi ya mwezi mmoja, na mtoaji ni mpangaji. Chumba kikiwa cha elfu hamsini kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita, mpangaji anajiandaa na laki tatu za kodi na elfu hamsini za dalali. Mwambie jumla hiyo siku ya kwanza anapokupigia simu. Wengi hutaja kodi peke yake, mteja anajipanga kwa laki tatu, na siku ya kulipa ndipo anaambiwa kuna elfu hamsini nyingine. Hapo anaona kama anaibiwa, ingawa ni haki yako, na ugomvi unaanzia papo hapo.

Wapo wenye nyumba wanaotoa udalali wao wenyewe, hasa chumba kikishakaa wazi miezi miwili mitatu. Kupokea pande zote mbili si dhambi, lakini kila upande ujue kwamba mwenzake naye anatoa. Ukipokea huku kimyakimya na kule kimyakimya, siku watakapokaa wawili barazani wakazungumza, umekosa wote wawili.

Udalali wangu unakuwa haki yangu lini hasa? Nikishaonyesha chumba?

Hapana. Kuonyesha chumba ni mwanzo wa kazi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na msimamo wake ni kwamba kama hamkukubaliana vingine, wakala hulipwa kazi aliyopewa ikishakamilika. Kwa chumba, kazi imekamilika mpangaji akilipa kodi na kukabidhiwa ufunguo. Mteja akikipenda, akarudi nyumbani, mumewe akakataa, huna unachomdai.

Maneno muhimu hapo ni "kama hamkukubaliana vingine". Sheria inawaachia nafasi ya kupatana, na kinachotafutwa ni ushahidi kwamba mlipatana. Udalali mwingi unaopotea hapa mjini haupotei kwa sababu sheria ni mbaya. Unapotea kwa sababu dalali alianza kuzungusha mteja kabla hajataja hela yake, akiona aibu, akisema moyoni "tutaelewana tu". Taja kiasi, taja nani anatoa, taja siku ya kutoa. Vyote vitatu, na mteja akiwa bado hajajua nyumba iko wapi.

Nifanyeje mteja na mwenye nyumba wasiniruke?

Hili ndilo swali la watu wengi, kwa hiyo tulifuate kwa mfano mmoja hadi mwisho.

Muuguzi amehamishiwa Hospitali ya Bombo. Anatafuta chumba cha masta, yaani chenye choo chake ndani, kisichozidi elfu themanini. Wewe unajua kimoja Nguvumali cha elfu sabini, mwenyewe ni mama mtu mzima anayekaa nyumba hiyohiyo. Mama anataka miezi sita. Hesabu ya muuguzi basi ni laki nne na elfu ishirini za kodi, na elfu sabini za kwako: laki nne na elfu tisini.

Mambo yanavyoharibika ni hivi. Unamchukua muuguzi, mnafika, anakiona chumba, anakipenda. Anamsalimia mama, wanazungumza vizuri, wanagundua wote wana ndugu Pangani. Mnapotoka anasema, "Ngoja nikafikirie, nitakupigia kesho." Kesho hapigi. Keshokutwa amerudi peke yake na hela, mama kampokea, na elfu sabini imebaki mfukoni mwa muuguzi. Mama hajaona ubaya wowote: yeye kodi yake kapata, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna dalali wa kulipwa.

Dalili huonekana mapema. Mteja anayeomba namba ya mwenye nyumba mkiwa bado hamjamalizana anajiandaa kukuruka, au angalau ameanza kulifikiria. Anayeulizia sana "mama huwa yupo nyumbani saa ngapi?" ni vilevile. Na mwenye nyumba anayempa mpangaji namba yake mbele yako bila kukuangalia usoni anakueleza kwamba kwake wewe ni mpita njia.

Dawa yake iko kabla ya kupanda bodaboda. Mwandikie mama ujumbe wa simu: "Shikamoo mama. Leo saa kumi jioni namleta muuguzi wa Bombo kuangalia kile chumba cha masta cha elfu sabini. Akikipenda, udalali wangu ni kodi ya mwezi mmoja, anautoa yeye siku ya kukabidhiwa ufunguo. Naomba unithibitishie." Akijibu "marahaba, sawa mwanangu", umeshapata shahidi. Kisha muuguzi naye: "Dada, chumba cha Nguvumali ni elfu sabini kwa mwezi, miezi sita. Udalali ni elfu sabini, siku ya kupokea ufunguo. Ukiridhika nijibu, nikupeleke." Usitaje mtaa kwa undani wala rangi ya geti mpaka ajibu.

Ujumbe huo hauzuii mtu mwenye nia mbaya, lakini unabadilisha mazungumzo. Akirudi peke yake, mama ana maandishi kwenye simu yake yanayomkumbusha kwamba mtu huyu aliletwa. Watu wazima wengi wa hapa hawapendi kuonekana wamedhulumu jasho la kijana, na mama wa namna hiyo atamwambia mwenyewe, "Mpigie kwanza yule aliyekuleta." Ikishindikana, unao ujumbe wa kuonyesha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na hata Mahakama ya Mwanzo, ingawa kwa elfu sabini mimi ningemalizia kwa mwenyekiti. Nauli za kwenda na kurudi mahakamani zitakumaliza kabla ya kesi.

Jambo la pili ni kuwepo siku ya malipo. Dalali anayeonyesha chumba kisha akaacha "mtamalizana wenyewe" amejitoa mwenyewe. Kaa pale. Mpangaji amhesabie mama kodi yake, waandikiane, ufunguo utolewe, na wewe upokee chako kwenye kikao hichohicho. Ukikubali "nitakutumia jioni kwenye simu", umegeuka mdai.

Chumba ni cha dalali mwenzangu, mteja ni wangu. Tunagawana vipi?

Nusu kwa nusu ndiyo kawaida: aliyeleta chumba nusu, aliyeleta mteja nusu. Katika mfano wa juu, kila mmoja anabaki na elfu thelathini na tano, kisha kila mtu anatoa nauli na bando lake. Wakiingia watatu, yaani mmoja amepewa habari na mwingine aliyepewa na mwingine, hela inakuwa ndogo mno na kila mmoja anaanza kutafuta njia ya kumpunguza mwenzake. Mnyororo mrefu ndio unaozaa uongo wa bei. Ukiona chumba kimekufikia kupitia midomo mitatu, mtafute anayezungumza na mwenye nyumba moja kwa moja, au kiache.

Na kanuni ya kijiwe iheshimiwe: mwenzako akishakuonyesha mlango wa mwenye nyumba, usirudi kesho kumwambia "hivi vyumba vyako vingine nipe mimi". Madalali wa mji huu wanajuana. Habari ya namna hiyo inazunguka kijiweni kabla hujafika nyumbani, na hutaletewa chumba tena.

Naweza kumwambia mpangaji elfu themanini wakati mwenye nyumba amesema sabini, tofauti niichukue?

Usifanye kwenye kodi. Mpangaji atakaa nyumba moja na mwenye nyumba miezi sita, na siku ya kulipa tena ataambiwa elfu sabini. Atapiga hesabu ya elfu kumi mara sita, na jina lako litasemwa Nguvumali nzima. Sheria nayo haikupendi hapo: wakala anayejipatia faida ya siri katika shughuli ya aliyemtuma anaweza kudaiwa faida hiyo, na akifanya udanganyifu anaweza kukosa hata ujira wake halali.

Kwa vitu vya kuuza mambo ni tofauti kidogo. Mwenye kabati akikwambia mwenyewe, "Mimi nataka laki mbili mkononi, utakachopata zaidi ni chako," hicho cha juu amekuruhusu. Kabati likiuzwa laki mbili na thelathini, elfu thelathini ni yako kwa amani. Ila hapo usimdai tena asilimia, na usimwambie mnunuzi kwamba hupati chochote. Tofauti ya cha juu halali na cha wizi ni kama mwenye mali anajua.

Hela ya kuzungusha mteja je?

Wako wanaochukua, wako wasiochukua. Maoni yangu: omba nauli halisi, usiombe ada. Mteja akupakie kwenye bodaboda au bajaji aliyokodi, au mpange vyumba vitatu vya maeneo ya karibu mvipitie kwa miguu jioni moja. Ukianza kutoza kila mlango, utashawishika kuonyesha vyumba unavyojua havimfai ili tu uhesabu milango. Wapo wanaoishi kwa hela hiyo na hawajawahi kupangisha chumba, na ndio waliofanya wageni wa mji huu waogope neno dalali.

Nyumba ni ya urithi. Kuna tatizo?

Linaweza kuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na kwa Ngamiani utakutana nalo sana. Nyumba nyingi katika zile barabara za namba ni za kizamani: ukumbi katikati, vyumba vinatazamana, nyuma uani na choo cha wote. Aliyejenga alikuwa babu. Babu alifariki, watoto wakatawanyika, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Muheza, dada mkubwa amebaki kwenye chumba cha mbele. Vyumba vilivyobaki vinapangishwa, lakini na nani?

Kinachotokea ni hiki. Kijana wa familia anakuita: "Kaka, kuna chumba kiko wazi, nitafutie mtu, miezi sita." Unaleta mtu, analipa, unachukua chako. Baada ya wiki mbili shangazi anafika kutoka Muheza na kukuta mgeni chumbani. Anasema chumba hicho ni fungu lake, na yule kijana hana mamlaka. Hela imeshatumika. Mpangaji anatakiwa kutoka, na mtu pekee anayejua namba yake ni wewe.

Kwa hiyo, ukisikia "nyumba ya familia", uliza maswali mawili kabla ya kutangaza chumba. Kwanza: msimamizi wa mirathi ni nani, na mahakama ilimteua? Msimamizi aliyeteuliwa ana hati ya mahakama inayomtaja, na hatakuwa na sababu ya kuificha. Kama mirathi haijafunguliwa, swali la pili: kodi za vyumba vingine anapokea nani sasa hivi? Waulize wapangaji waliopo, siyo kijana. Wote wakisema "tunampa dada mkubwa", basi huyo dada ndiye wa kuzungumza naye, na saini yake iwe kwenye mkataba. Wakitaja majina mawili tofauti, rudi nyuma. Nimeona madalali wakilazimika kurudisha udalali waliokwisha kuula kwa sababu ya nyumba za aina hii, tena kwa matusi.

Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe husaidia sana hapa, kwa sababu ugomvi wa familia huwa umeshafika kwao. Kupita ofisini na kuuliza kwa adabu hakuchukui nusu saa. Njia hiyohiyo inakuokoa na tapeli mwingine: mpangaji anayehama kimyakimya na kujifanya mwenye nyumba, anapangisha chumba anachokiacha, halafu anatokomea na kodi ya miezi sita.

Nipokee kodi kwa niaba ya mwenye nyumba aliye mbali?

Jibu langu ni hapana, hata akikuomba. Mpangaji atume moja kwa moja kwenye simu ya mwenye nyumba au benki, jina litokee, na wewe uone ujumbe wa malipo. Hela ya kodi ikipita mkononi mwako, kila kasoro inakuwa yako: imepungua, imechelewa, mwenye nyumba anasema hakuipata yote. Na hela ya kushikilia chumba vilevile. Kama mteja anataka kukishika mpaka mshahara utoke, ampe mwenye nyumba, waandike ni kiasi gani, ni mpaka tarehe gani, na asiporudi itakuwaje. Hiki cha mwisho husahaulika, ndicho kinacholeta kelele.

Niulize nini kuhusu chumba kabla ya kukitangaza?

Uliza umeme na maji kuliko kitu kingine chochote. Chumba kina LUKU yake au mita ni moja kwa nyumba nzima? Kama ni moja, wanachangaje? Mwenye friji na mwenye taa moja wakichanga sawa, mpangaji wako mpya ataingia kwenye ugomvi ulioanza zamani. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mwenye kununua umeme anaweza kukuta makato ambayo kwa kweli ni ya mwenye nyumba. Ulizeni mapema watarekebishana vipi. Maji: bili ya Tanga UWASA inagawanywa kwa vichwa au kwa vyumba?

Choo cha uani kinatumiwa na watu wangapi. Mgeni analala? Geti linafungwa saa ngapi? Mteja akiambiwa ukweli huo kwenye simu, atakataa vyumba viwili na kukubali cha tatu, nawe umeokoa nauli ya safari mbili.

Kwa vitu vidogo, asilimia ngapi?

Hakuna kiwango kimoja. Kumi katika mia inakubalika kwa vitu vya laki moja hadi laki tano, kama kabati, kitanda, friji lililotumika, cherehani. Kikiwa cha elfu ishirini, patana kiasi cha mkupuo, kwa kuwa asilimia kumi haitoshi hata vocha. Anayetoa hapa ni muuzaji, tofauti na chumba.

Friji lijaribiwe likiwa limewashwa saa kadhaa kabla mnunuzi hajafika, siyo kuchomekwa mbele yake na kusema "sikia linavyonguruma". Kunguruma si kugandisha. Mwambie muuzaji aweke kikombe cha maji kwenye sehemu ya barafu usiku, mnunuzi akute barafu.

Simu ndizo za kuogopa. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na dalali aliyekuwa na sababu ya kujua kwamba kitu ni cha wizi hasalimiki kwa kusema "mimi nilikuwa kati tu". Piga `*#06#` kwenye simu, soma namba inayotokea, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi au risiti. Muuzaji asiye na boksi, asiye na risiti, anayetaka nusu ya bei na anataka leo leo, mwache aende. Kwa baiskeli, ambazo mji huu umejaa, muulize fundi wa mtaani kwake. Fundi anazijua baiskeli za mtaa wake na wenye nazo.

Kitu cha thamani kiandikiwe hati fupi ya mauziano: majina, kitu, namba yake, bei, tarehe, saini za wawili na shahidi. Shahidi anaweza kuwa wewe.

Nahitaji leseni?

Ukifungua ofisi na kuweka bango, ndiyo: pata namba ya mlipakodi TRA, kisha uende Halmashauri ya Jiji kwa leseni ya biashara. Hata kama bado unafanyia barazani, weka daftari la kila chumba, tarehe na kiasi ulichopokea. Litakufaa siku utakayokwenda TRA, na litakufaa zaidi mkianza kubishana na mwenzako kuhusu nusu.

Mpangaji amehama baada ya wiki tatu na anataka nirudishe udalali. Nirudishe?

Inategemea kwa nini amehama. Kama amepata uhamisho au amegombana na jirani, kazi yako ilikamilika, hudaiwi. Kama amehama kwa sababu ya jambo ulilolijua ukalinyamazia, mathalani chumba kinavuja masika au mwenye fungu amejitokeza, rudisha. Na kama hukujua, wala mwenye nyumba hakukwambia, njia ya haki ni kumtafutia chumba kingine bila kumtoza tena, akilipa nauli yake tu. Kuhusu kodi iliyobaki, hiyo ni kati yake na mwenye nyumba kulingana na walivyoandikiana. Nenda naye ukasuluhishe, lakini usiahidi hela isiyo mikononi mwako.